Tuondoke Tanga lini ili kusi itufikishe Sur?

*"Shikamoo mtaalamu. Tuko watu 11 hapa Tanga, tuna jahazi la futi 52 ambalo tumelipandisha pwani kwa kalafati. Tunataka kwenda Sur, Omani, kwa tanga tupu kama walivyokwenda wazee, halafu turudi. Wenzangu wanasema tuondoke Juni, kusi ikiwa imekaza, ili tufike upesi. Mjomba wangu anasema wazee walikuwa wakiondoka baada ya Mfunguo Tatu. Mimi moyo unasita. Tuondoke lini hasa, na tukichelewa wiki mbili tatu kuna ubaya gani?"*

Marahaba, ndugu yangu. Moyo wako umesita mahali pake. Juni msiondoke. Ondokeni kati ya 22 Agosti na 10 Septemba, na ikipita 15 Septemba hamjapata nafasi, vuteni jahazi pwani mngoje mwaka mwingine. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu ukiielewa sababu utaweza kuwajibu wenzako, na hata bahari ikibadilika njiani utajua la kufanya.

Kosa la wenzako ni kuutazama upepo wa Tanga. Wanaona Juni kusi inavuma usiku na mchana bila kukatika, wanasema huo ndio upepo wa safari. Lakini safari hii ni ya maili 2,100 za baharini hivi, na jahazi lenu likienda vizuri litafanya maili 4 na nusu kwa saa, yaani maili 108 kwa siku. Hizo ni siku 19 au 20. Kwa hiyo upepo wa Tanga ni wenu kwa siku tatu nne tu. Baada ya hapo mnaishi kwa upepo wa Somalia, kisha wa Sokotra, kisha wa Ras al Hadd, ile rasi iliyo karibu na Sur, na kila mahali kusi ina tarehe zake. Wazee walioijua njia hii walianza kuhesabu kule wanakofikia, wakarudi nyuma hadi siku ya kung'oa nanga.

Kusi ni upepo mmoja uliopinda njiani. Jua likihamia kaskazini, bara la Asia hupata joto kali, hewa yake hupanda, na nafasi yake huvuta hewa kutoka bahari yetu ya kusini. Hewa hiyo huanza safari ikitoka kusini mashariki, ndivyo tunavyoipata Tanga. Ikishavuka ikweta, mzunguko wa dunia huipinda kuliani, nayo huanza kutoka kusini magharibi. Ndiyo maana mkitoka hapa mkielekea kaskazini mashariki mtakwenda matanga kati, upepo ukiingia ubavuni, na mkishavuka ikweta upepo utahamia tezi, yaani nyuma ya chombo, na kuwasukuma. Njia nzima mna upepo wenu. Hakuna haja ya kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo, hata siku moja, kama tarehe ni sahihi.

Ila nguvu yake hailingani kila mahali. Ukuta wa milima ya Afrika Mashariki na Ethiopia huizuia hewa hiyo isitawanyike magharibi, nayo hubanwa na kukimbia kando ya Somalia kama maji yanayopita mlango mwembamba wa bahari. Juni, Julai na sehemu kubwa ya Agosti, kati ya Ras Hafun na Sokotra upepo wa kilomita 55 kwa saa ni jambo la kawaida, siku baada ya siku, na mawimbi ya mita 4 hadi 5. Kwa kulinganisha, Mamlaka ya Hali ya Hewa hapa kwetu huanza kuwaonya wavuvi upepo unapofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanapozidi mita 2. Mkiondoka Tanga 10 Juni mtafika huko karibu na 20 Juni, kati kati ya shughuli. Tena upepo ule hufukuza maji ya juu kutoka pwani, maji baridi hupanda kutoka chini, na hewa yenye unyevu ikigusa maji hayo baridi hufanya ukungu. Mnakuwa kwenye bahari kubwa kuliko zote mtakazoziona, na nchi kavu haionekani. Waarabu wa pwani ya kusini ya Omani na Yemeni tangu zamani walihesabu miezi hiyo kuwa bahari imefungwa, na bandari zao zisizo na kinga hazikupokea vyombo.

Mtu atasema: si upepo wa tezi? Si unasukuma tu? Hapa lazima tulitazame jahazi lenyewe, kwa sababu hatari ipo kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga.

Tanga la jahazi halipunguzwi kirahisi. Upepo ukizidi, mnatua foromali nzima, mnafungua tanga kubwa, mnafunga dogo, mnatweka tena. Kazi hiyo inataka karibu watu wote, na wakati inaendelea chombo hakina nguvu ya kulitii shikio, yaani usukani. Kugeuza tanga upande wa pili ni kugumu zaidi. Mnauweka upepo tezi, mnalegeza joshi, mnausogeza mguu wa foromali hadi kwenye mlingoti ili foromali isimame wima, halafu tanga zima na kamba yake ya demani vinazungushwa kwa mbele ya mlingoti mpaka upande mwingine, na jarari, kamba ya kutwekea foromali, inahamishwa iende upande wa upepo, maana ndiyo inayoushikilia mlingoti usianguke. Kwa upepo wa kilomita 25 kwa saa, mabaharia wazuri hulimaliza hilo kwa dakika chache. Kwa upepo wa kilomita 55, tanga likiwa limesimama wima na kuvimba kama puto mbele ya mlingoti, mtu mmoja akiteleza na demani ikamponyoka, foromali hukatika au mlingoti huenda nayo. Halafu mko maili 150 kutoka Somalia bila tanga, na wimbi la mita 4 linakuja kutoka nyuma.

Na wimbi hilo la nyuma ndilo linaloviua vyombo vyetu hasa. Jahazi la Tanga au Pangani kwa kawaida lina sitaha fupi omo, yaani mbele, na tezi, katikati liko wazi. Wimbi likivunjikia tezi, maji yanaingia moja kwa moja katikati. Kabla ya hapo kuna dalili ya kimya inayotangulia: mwili wa jahazi hupinda na kunyooka kila wimbi linapopita chini yake, pamba ya kalafati huanza kuchomoka kwenye nyufa, na ngama, pale chini yanapokusanyika maji, hujaa polepole. Njia ya kuijua ni kuipima. Wekeni kijiti chenye alama kwenye ngama na kila zamu iandike maji yamefika wapi kabla ya kukumba. Zamu ya asubuhi ikikuta sentimita 10 na ya jioni 20 bila mvua wala wimbi kuingia, kalafati inatoka, na mnapaswa kupunguza mwendo hapo hapo kwa kuweka tanga dogo, hata kama mnaona mnapoteza maili.

Kwa hiyo kusi ina milango miwili tu kwa chombo cha tanga: mwanzo wake na mwisho wake. Kati kati imefungwa. Mlango wa kwanza ni wa Aprili kuelekea Mei. Wa pili ni msimu wa demani, kusi inapokuwa imeshaanza kuchoka. Wazee waliitumia yote miwili, na kila mmoja una bei yake.

Mlango wa kwanza una mvuto wa kusafiri na kusi changa. Mkitoka Tanga tuseme 25 Aprili, mtavuka ikweta mwisho wa mwezi, mtakuwa usawa wa Sokotra karibu na 9 Mei na Ras al Hadd baada ya wiki moja, kabla kusi haijakaza. Hayo ni mahesabu ya karatasi. Shida ya kwanza ni kwamba kusi hufika Tanga mwezi mzima au zaidi kabla ya kutulia kule kaskazini. Ukiikimbilia mapema mno unaipita, unajikuta juu ya ikweta kwenye maleleji, upepo unakuja kutoka huku mara kule, tanga linapiga mlingoti mchana kutwa. Shida ya pili ni masika. Kusi ya Aprili kwetu huja na mvua na vishindo vya ghafla vinavyotoka kwenye mawingu meusi. Shida ya tatu ndiyo inayonitia hofu zaidi: vimbunga. Bahari ya Arabuni ina misimu miwili ya vimbunga, Mei hadi Juni na Oktoba hadi Novemba, yaani katika nyakati za mageuzi ya pepo. Kimbunga Mekunu kilipita Sokotra na kuipiga Salala mwezi Mei 2018. Gonu, Juni 2007, kilipita karibu na Ras al Hadd na kuleta mafuriko makubwa Sur na Maskati. Na huku kwetu ambako tulizoea kusema hatujui vimbunga, Hidaya kilifika hadi karibu na Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Mtakuwa mnasafiri tangu mwanzo hadi mwisho ndani ya msimu wa hatari.

Halafu kuna suala la kurudi, ambalo watu hulisahau. Hamuwezi kurudi Tanga mpaka kaskazi ivume, na ivume mpaka huku. Mkifika Sur katikati ya Mei mtakaa huko hadi Desemba, miezi saba. Mzee aliyekuwa na mzigo wa boriti wa kuuza, na familia upande ule, aliweza kukaa. Watu 11 wenye kazi na watoto Tanga sijui kama mmeliwaza hilo.

Mlango wa demani ni bora kwenu. Tuuhesabu kwa siku. Mkiondoka 28 Agosti na upepo wa kusini mashariki, mkapita kati ya Pemba na bara, mkondo wa bahari utawasaidia, kwa sababu kwenye pwani yetu hukimbilia kaskazini mwaka mzima na wakati wa kusi una nguvu zaidi. Ikweta mtaivuka karibu na 1 Septemba. Msiiambae pwani ya Somalia. Kaeni nje, elekeeni mashariki ya Sokotra, mkiwa na bahari ya kutosha upande wa kushoto ili tatizo lolote likitokea msisukumwe kwenye miamba. Karibu na 10 au 11 Septemba mtakuwa usawa wa Sokotra. Hapo ndipo penye upepo mkubwa kuliko kote njiani, lakini kufikia tarehe hizo kwa kawaida umeshuka, uko kama kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Ni upepo wa kazi: tanga la kati, foromali ifungwe vizuri, na hakuna kugeuza tanga usiku. Toka hapo zinabaki maili 650 hivi hadi Ras al Hadd, siku sita, upepo ukiwa tezi na ukipungua kila siku. Mnafika kati ya 17 na 20 Septemba, vimbunga vya Oktoba havijaanza. Mnangoja Sur miezi mitatu tu.

Sasa swali lako la wiki mbili tatu. Chukua safari ileile uisogeze wiki mbili kupita siku ya mwisho niliyokupa: mnaondoka 25 Septemba. Tanga upepo bado ni mzuri, hamtaona tofauti yoyote, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mtafika usawa wa Sokotra karibu na 9 Oktoba, na kusi huko inakata roho. Siku moja mnapata maili 60, inayofuata 20, inayofuata mmerudishwa nyuma na mkondo. Maji yanapungua. Mko kwenye msimu wa pili wa vimbunga, ule uliokileta kimbunga Shaheen kaskazini magharibi ya Maskati tarehe 3 Oktoba 2021. Mkikawia hadi Novemba, upepo unaanza tena, lakini sasa ni kaskazi changa, unatoka kaskazini mashariki, yaani omo kabisa. Jahazi linaweza kubisha, ndiyo, lakini haliendi karibu na upepo kama mashua ya mashindano. Ukihesabu pembe linayohitaji na kule kusukumwa pembeni, unaweza kupiga bisha kutwa kucha ukasogea maili chache tu kuelekea unakotaka. Wiki mbili tatu za kuchelewa Tanga zinaweza kuwa miezi miwili baharini.

Mfano wa jambo hili uko kwenye historia, na sehemu yake imetokea hapo jirani yenu. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa hapo Malindi. (Wengi husema alikuwa Ahmad ibn Majid; wanahistoria wengi leo hawalikubali hilo.) Kusi ikamfikisha karibu na Kalikuti, India, tarehe 20 Mei, siku 26. Wakati wa kurudi aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, tarehe 5, wakati kusi imekufa na kaskazi haijaja. Bahari ileile, vyombo vilevile, akafika Mogadishu 2 Januari 1499, karibu siku 90. Watu wapatao 30 walikufa njiani kwa kiseyeye, na waliobaki walikuwa hawatoshi kuendesha vyombo vitatu. Ndiyo maana siku chache baadaye kimoja, São Rafael, walikichoma moto kwenye mafungu ya Mtangata, karibu na Tongoni. Mtu yeyote aliyekaa Kalikuti angemwambia angoje Desemba.

Na nyinyi kwenye kurudi mwepuke kosa hilohilo. Novemba mtaona kaskazi imeanza kuvuma Sur na mtatamani nyumbani. Ngojeni. Kaskazi nayo huanza kule na hushuka kusini taratibu. Ukiondoka nayo mapema unaipita, unakwama karibu na ikweta. Pigeni simu Lamu na Mombasa, wakiwaambia kaskazi imetulia kwao kwa wiki nzima, basi njia yote imefunguka. Kati ya 15 Desemba na 15 Januari ni wakati mzuri, na mwisho wa Januari ndio mwisho. Baada ya hapo mnaweza kuikuta kaskazi imeisha Machi kabla hamjafika, masika yanaingia. Jueni pia kwamba kutoka Malindi kuja Tanga mkondo utakuwa unawapinga, na kaskazi ikivuma dhidi ya mkondo huo bahari husimama kwa mawimbi mafupi yanayogonga tezi. Wekeni siku tatu nne za ziada kwa kipande hicho.

Mjomba wako sasa. Sina shaka kwamba alisikia aliyosikia, na huenda mwaka aliousikia ilikuwa kweli. Lakini upepo unafuata jua, na mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Iddi ya Mfunguo Tatu mwaka 2007 iliangukia karibu na 20 Desemba, kaskazi tupu. Mwaka 2024 iliangukia katikati ya Juni, kusi kali. Kanuni ya upepo haiwezi kufungwa kwenye tarehe inayozunguka hivyo. Mabaharia wa pwani hii walilijua hilo, ndiyo maana kwa mambo ya bahari na kilimo walihesabu kwa Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Siku ya Mwaka, ile inayosherehekewa Makunduchi, siku hizi huangukia kati ya wiki ya tatu na ya nne ya Julai. Ukihesabu kutoka 23 Julai, mwongo wa nne unaanza 22 Agosti na wa tano unamalizika 10 Septemba. Hizo ndizo tarehe nilizokupa juu. Mwulize mjomba wako kuhusu miongo, si kuhusu Mfunguo; pengine ana elimu zaidi ya ile aliyoitoa.

Ndani ya siku hizo 20, mtaijuaje siku yenyewe? Kuna dalili ya Tanga na kuna dalili ya mbali, na zote mbili zinatakiwa. Ya Tanga ni umande, yaani upepo wa nchi kavu wa alfajiri. Kusi ikiwa kali, upepo huo hauonekani au ni dhaifu sana, kwa sababu kusi inaufunika. Ukiona umande umerudi, alfajiri inavuma polepole kutoka bara, bahari ya asubuhi imelala, kisha kusi inaamka saa nne tano na kupungua baada ya magharibi, na hali hiyo ikajirudia siku nne tano mfululizo, demani imeingia. Ya mbali ni utabiri. Simu mnazo, tazameni upepo wa sehemu tatu kila siku kwa wiki mbili kabla ya kuondoka: Pemba, bahari ya mashariki ya Ras Hafun, na kisiwa cha Masira huko Omani. Ras Hafun ikiwa bado inaonyesha zaidi ya kilomita 45 kwa saa kila siku, ngojeni. Ikishuka chini ya hapo na ikabaki chini kwa siku tano, ondokeni. Utabiri wa siku kumi hauwezi kukuhakikishia siku ya kumi, lakini mwelekeo wa kushuka unaonekana.

Maji pimeni kwa safari iliyoharibika. Mimi nasema mara mbili ya siku mnazotarajia, yaani 40. Watu 11, lita 4 kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia, ni lita 1,760. Mapipa 9 ya lita 200 yanatosha, na yawe mapipa mbalimbali, si tangi moja, maana pipa moja likiingia chumvi mnapoteza lita 200 tu. Yafungwe chini, katikati ya jahazi, yawe sehemu ya farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo. Pipa likishaisha lijazeni maji ya bahari ili chombo kisiwe chepesi juu.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuwafanyia. Kalafati ikaguliwe na fundi wa majahazi ambaye si yeye aliyeipiga. Ubora wa chombo kwa safari ya nje ya nchi, idadi ya watu na vifaa vya kujiokolea ni kazi ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Nendeni ofisini kwao miezi mitatu kabla, si wiki moja, pamoja na forodha na uhamiaji. Mwambieni afisa wazi kwamba ni safari ya tanga hadi Omani, maana akisema chombo hakifai, mnataka alijue hilo akiwa Tanga. Uharamia wa Somalia ulirudi tena kuanzia mwisho wa 2023, na jahazi haliwezi kukimbia boti ya mwendo kasi. Ulizeni hali ya karibuni kwenye kituo cha uokoaji majini cha Dar es Salaam na muwaachie ratiba yenu ya siku kwa siku. Chukueni redio ya baharini na kifaa cha kutoa ishara ya hatari kwa satelaiti. Na kati ya watu 11, ikiwa hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuza tanga la chombo cha ukubwa huo usiku, kwenye upepo, tafuteni nahodha aliyefanya hivyo na mwende naye. Hilo nalisema kwa uzito kuliko mengine yote. Bila mtu huyo, msiende.

Jambo la mwisho, kwa sababu umesema jahazi liko juu pwani. Halitaelea mpaka bamvua, yale maji makubwa, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi, siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Hapa kalenda ya mjomba wako ndiyo yenye haki: maji yanafuata mwezi. Ukilikosa bamvua moja kwa sababu kalafati haijaisha au shahamu haijapakwa, umekwishapoteza wiki mbili, nawe una siku 20 tu za kuondokea. Lishusheni majini kwenye bamvua la mwisho la Julai, au la kwanza la Agosti likiwa limeshindikana hilo. Mbao zilizokauka juani hutaka siku kadhaa kushiba maji na kufunga nyufa, na ngama ya siku za kwanza itawatisha bure. Zikishashiba, nendeni Pemba mrudi mara mbili mkiwa na mapipa yote yamejaa, mkageuze tanga mchana, kisha usiku, na kile kijiti cha ngama kikiandikwa kila zamu.